Majaribio Yafanane na Kazi, Bili Isifanane

Amri hii ya PostgreSQL ina mstari mmoja tu:

```sql
CREATE INDEX ON tiketi (simu_ya_abiria);
```

Inaiagiza hifadhidata itengeneze faharasa, ili karani akiandika namba ya simu ya abiria, tiketi ipatikane papo hapo bila jedwali zima kupekuliwa. Mhandisi akiijaribu kwenye kompyuta yake, yenye tiketi elfu mbili za kubuni, inamalizika kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Akiipeleka kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, wenye tiketi milioni 40, inachukua dakika kadhaa, na muda wote huo PostgreSQL hairuhusu rekodi mpya kuandikwa kwenye jedwali hilo. Anayetafuta tiketi ya jana ataiona. Anayetaka kununua ya kesho atasubiri hadi simu imwambie ombi limeshindikana.

Dawa inajulikana. Ukiandika `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, kazi itachukua muda mrefu zaidi lakini mauzo hayatasimama. Shida ni kwamba kabla ya siku ile hakuna mtu aliyeona haja ya dawa, kwa sababu kila mahali amri ilipojaribiwa data ilikuwa ndogo. Ndiyo maana kampuni zinazoendesha mifumo ya mtandaoni huweka mfumo wa majaribio: seti ya seva inayofanana na mfumo hai, ambako kila toleo jipya hupita kwanza kabla ya kufika kwa wateja.

Mwenye kampuni akisikia habari ya seti ya pili inayofanana na ya kwanza, hesabu yake ni ya haraka: bili mara mbili. Basi huishia njia moja kati ya mbili. Ama anakataa kabisa, ama anakubali seva moja ya bei nafuu inayobeba kila kitu, ambayo haifanani na mfumo hai kwa lolote la maana. Ipo njia ya tatu. Ili kuiona, tuchukue kampuni ya mfano na bili yake tuifuate hadi mwisho.

Bili ya mfano

Kampuni yetu inauza tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu. Mfumo wake hai umekaa kwenye seva za kukodi na una sehemu chache. Mbele kuna kigawa mzigo, kinachopokea maombi ya wateja na kuyasambaza. Nyuma yake kuna seva nne za programu yenyewe. Seva mbili nyingine zinashughulikia kazi za nyuma, kama kutuma ujumbe wa tiketi na kuandaa ripoti za usiku. Hifadhidata ya PostgreSQL iko kwenye seva mbili: moja kuu inayoandikwa, na pacha wake anayenakili kila kitu na kujibu maswali ya kusoma tu. Ipo pia Redis, inayoshika foleni ya kazi na taarifa za muda mfupi.

Kwa bei za mfano, seva nne za programu ni dola 192 kwa mwezi, za kazi za nyuma dola 48, hifadhidata mbili dola 300, Redis dola 30, kigawa mzigo dola 12 na hifadhi ya mafaili dola 18. Jumla ni dola 600. Nusu yake ni hifadhidata peke yake, na hilo litatusaidia, kwa sababu panapoliwa pesa nyingi ndipo pa kubana kwanza.

Punguza ukubwa, usipunguze aina

Anayepika pilau kidogo ili aonje viungo hupunguza mchele, haachi bizari. Mfumo wa majaribio nao unaweza kuwa mdogo kiasi chochote, mradi kila aina ya kitu iliyomo kwenye mfumo hai iwemo na humu. Toleo la PostgreSQL liwe lile lile, la Redis lile lile, mfumo endeshi wa seva ule ule. Kigawa mzigo kiwepo. Foleni ya kazi iwepo. Seva za programu zinaweza kushuka kutoka kumbukumbu ya gigabaiti 8 hadi 2, na kutoka nne hadi mbili.

Lakini zisishuke hadi moja. Kati ya seva nne na mbili tofauti ni ya nguvu tu. Kati ya mbili na moja tofauti ni ya tabia. Tuseme mhandisi ameandika programu inayohifadhi kiti alichochagua abiria ndani ya kumbukumbu ya seva yenyewe, badala ya kukiweka Redis. Kukiwa na seva moja, kila kitu kitakwenda vizuri. Zikiwa mbili, abiria atachagua kiti kupitia seva ya kwanza, ombi lake la pili litapelekwa kwenye seva ya pili, na huko kiti hakijulikani. Kasoro itajionyesha mara moja, kwa gharama ya seva ndogo moja ya ziada.

Pacha wa hifadhidata ana kisa chake. Kwa kawaida yuko nyuma ya hifadhidata kuu kwa sehemu ndogo ya sekunde, hivyo hakuna anayegundua. Kwenye msongamano wa Desemba anaweza kubaki nyuma kwa sekunde kadhaa. Hapo abiria analipa, malipo yanaandikwa kwenye hifadhidata kuu, ukurasa unaofuata unasoma kwa pacha, na abiria anaambiwa tiketi yake haipo. Analipa tena. Kwenye mfumo wa majaribio wenye wateja watano, ucheleweshaji huo hautatokea wenyewe, kwa hiyo tunautengeneza. PostgreSQL ina mpangilio wa kumchelewesha pacha kwa makusudi:

```
recovery_min_apply_delay = '3s'
```

Mstari huo ukiwekwa kwenye pacha wa majaribio, kila ukurasa unaosoma mahali pasipo sahihi utajitoa wenyewe siku ile ile. Humu mfumo wa majaribio umefanywa mbovu kuliko mfumo hai, na ubovu huo hauna bei.

Mipaka nayo ipunguzwe pamoja na ukubwa. PostgreSQL kwa kawaida hukubali miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Kwenye mfumo wetu hai, kila seva ya programu hufungua miunganisho hadi 20, na kila seva ya kazi za nyuma mitano, jumla 90. Mhandisi akipandisha 20 kuwa 25, jumla itakuwa 110 na hifadhidata itaanza kukataa maombi. Kwenye mfumo wa majaribio wenye seva mbili za programu na moja ya kazi za nyuma, badiliko hilo hilo linaleta miunganisho 55, na kama mpaka umeachwa kuwa 100, hakuna kitakacholalamika. Ukishushwa hadi 50, uwiano unabaki ule wa mfumo hai: 45 wanaingia, 55 hawaingii. Kosa litakamatwa mahali lilipopaswa kukamatwa.

Data: kidogo kila siku, yote siku ya mazoezi

Sasa turudi kwenye ile nusu ya bili. Hifadhidata yetu ina gigabaiti 100, na seva yake ni kubwa kwa sababu hiyo. Kuinakili yote kwenye majaribio ni ghali kwa diski na kwa kumbukumbu. Tena si halali kufanya hivyo kiholela. Ndani yake kuna majina, namba za simu na safari za watu, na sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, haziachi kuwalinda kwa sababu tu nakala imeitwa ya majaribio. Kwa kawaida seva ya majaribio hufunguliwa na watu wengi zaidi na kulindwa kidogo zaidi kuliko mfumo hai. Ndipo pabaya zaidi pa kuweka daftari la wateja.

Suluhisho ni kuzitenga haja mbili zilizochanganywa. Ya kwanza ni ya kila siku: wahandisi na wapimaji wanahitaji data yenye sura ya kweli, si wingi wa kweli. Ya pili hutokea mara chache: badiliko kubwa la hifadhidata linahitaji wingi wote, lakini kwa saa chache tu.

Kwa haja ya kwanza tunachukua abiria mmoja kati ya kila ishirini, kisha tiketi zao na malipo yao yote. Wengi hukosea hapa kwa kuchukua asilimia tano ya kila jedwali peke yake. Matokeo yake ni tiketi zisizo na abiria na malipo yasiyo na tiketi, na programu inaanguka kwa makosa ambayo kwenye mfumo hai hayapo. Anza na mtu, ufuate nyuzi zake. Majedwali madogo, kama ya mabasi, vituo na nauli, yachukuliwe mazima. Gigabaiti 100 zinakuwa takriban 5, na diski ya gigabaiti 20 inatosha kwa nafasi.

Kabla data hiyo haijaingia kwenye majaribio, utambulisho wa watu unafutwa:

```sql
UPDATE abiria SET
  jina = 'Abiria ' || id,
  simu = '255' || lpad(id::text, 9, '0'),
  barua_pepe = 'abiria' || id || '@example.com';
```

Namba zinazotokea hapo zina urefu wa namba halisi ya Tanzania, hivyo programu itazikubali. Lakini baada ya 255 zinafuatiwa na sufuri, na hakuna simu ya mkononi inayoanza hivyo. Anwani za `example.com` nazo zimetengwa rasmi kwa mifano. Majedwali mengine yenye simu au majina, pamoja na sehemu za maelezo ambamo makarani huandika chochote, yapitishwe njia hiyo hiyo.

Mpangilio wa kazi hii una umuhimu wake. PostgreSQL haifuti rekodi ya zamani papo hapo unapoibadilisha; huandika mpya na ya zamani hubaki kwenye diski mpaka isafishwe. Ukifuta majina kisha ukainakili diski nzima, majina halisi yatasafiri nayo yakiwa yamefichika. Njia salama ni kufanyia kazi hii kwenye seva iliyofungwa, kisha kutoa data kwa `pg_dump`, ambayo huandika rekodi zilizo hai peke yake. Faili hilo ndilo linalopelekwa kwenye majaribio.

Kwa haja ya pili tunakodi seva yenye ukubwa na aina ya diski ile ile ya hifadhidata hai, tunairejesha data yote kutoka kwenye nakala rudufu ya jana usiku, tunaendesha badiliko tukiwa na saa mkononi, kisha tunaiharibu seva siku hiyo hiyo. Haiunganishwi na programu yoyote, na wanaoingia ni wale wale wenye ruhusa ya hifadhidata hai. Seva ya dola 150 kwa mwezi ni kama senti 21 kwa saa. Mazoezi mawili ya saa sita kila mwezi, pamoja na diski, hayafiki dola 3. Hapa ndipo ile amri ya faharasa ingeonekana ikichukua dakika badala ya sekunde, na mtu anayejaribu kuandika tiketi kutoka dirisha la pili angeona ombi lake likining'inia.

Mazoezi haya yana faida nyingine, na aliyeilipia somo lake ni GitLab. Mnamo 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni hiyo aliyekuwa akipambana na pacha wa hifadhidata aliyekwama alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pacha. Walipokwenda kuchukua nakala rudufu zilizotengenezwa kwa `pg_dump`, hawakuzikuta. Programu hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa toleo la 9.2 dhidi ya hifadhidata ya 9.6, ikishindwa kila siku, na barua pepe za kuonya juu ya hilo hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya mfumo wao wa majaribio. Lakini majaribio yao yalikuwa kwenye diski za bei ndogo zenye mwendo wa polepole, na kuirudisha data kulichukua kama saa 18.

Kisa hicho kinaonyesha pande mbili. Nakala rudufu isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala, na mazoezi yetu ya mara mbili kwa mwezi yanairejesha kila mara. Upande wa pili, aina ya diski ni sehemu ya kufanana. Zoezi lililofanywa kwenye diski dhaifu halikuambii mfumo hai utasimama dakika ngapi.

Milango ya kutokea

Mfumo wa majaribio unaofanana sana na mfumo hai una hatari yake: unaweza kufanya kazi kweli. Juni 2021, wateja wengi wa HBO Max walipokea barua pepe ya majaribio ya ndani isiyowahusu, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Kwa kampuni ya tiketi, ajali kama hiyo ingekuwa ujumbe wa simu unaowaambia watu basi lao limeahirishwa.

Milango ya kutokea kwa kawaida ni mitatu: barua pepe, ujumbe wa simu na malipo. Barua pepe zote za majaribio zielekezwe kwenye Mailpit, programu ndogo ya bure inayopokea barua kama seva ya kweli kisha kuzionyesha kwenye ukurasa wake bila kuzipeleka popote. Ujumbe wa simu uandikwe kwenye jedwali badala ya kutumwa. Funguo za mfumo hai zisiwepo kabisa kwenye majaribio, hata kwenye faili lililosahaulika, na ukuta wa mtandao uruhusu kutoka kwenye anwani chache zilizoorodheshwa tu. Namba za simu tulizozibadilisha mwanzoni zinabaki kuwa kinga ya mwisho, ikiwa nyingine zote zimeshindwa.

Malipo ndiyo magumu. Safaricom, kupitia Daraja, huwapa wahandisi uwanja wa majaribio wa M-Pesa bila malipo, ambako ombi hutumwa na jibu hurudi. Jibu hilo hurudi kwa kuipigia seva yako, kwa hiyo mfumo wa majaribio uliofungiwa wote nyuma ya neno la siri hautalipata. Acha wazi njia moja tu ya kupokelea majibu, kwingine kufungwe. Isitoshe, uwanja wa majaribio hujibu kwa adabu kuliko mtandao halisi, ambako jibu linaweza kuchelewa, kurudi mara mbili au lisirudi kabisa. Programu ya kurasa mbili tatu inayojifanya mtoa malipo, na kwa makusudi kurudia jibu moja mara tatu, itaonyesha kama malipo ya abiria mmoja yanazaa tiketi moja au tatu.

Saa za kuwasha na kuzima

Kufikia hapa mfumo wa majaribio una seva mbili za programu za dola 12 kila moja, seva moja ya dola 12 inayobeba kazi za nyuma pamoja na Redis, na hifadhidata mbili ndogo za dola 24 kila moja. Jumla ni dola 84 kwa mwezi zikiwaka muda wote. Lakini mwezi una saa kama 730, na wahandisi wanautumia mfumo huu saa 12 kwa siku, siku 22 za kazi, yaani saa 264. Ukizimwa usiku na mwisho wa wiki, dola 84 zinakuwa kama 30.

Neno kuzima lina maana tofauti kwa kila mwenye seva. Kwenye EC2 ya Amazon, seva iliyozimwa hailipiwi lakini diski yake inaendelea kulipiwa. Hifadhidata ya RDS iliyosimamishwa hujiwasha yenyewe baada ya siku saba. DigitalOcean na Hetzner huendelea kutoza seva iliyozimwa kama kawaida, na njia pekee ya kuacha kulipa ni kuifuta. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kuuandika mfumo mzima kama maelekezo ya Terraform, na kuacha seva zifutwe jioni na kuzaliwa upya asubuhi, huku diski mbili za data na kigawa mzigo vikibaki. Tukishaandika kwenye maelekezo hayo kwamba idadi ya seva inategemea kigezo kiitwacho `washa`, ratiba inakuwa mistari miwili:

```
0 4 * * 1-5   terraform apply -auto-approve -var="washa=true"
0 16 * * 1-5  terraform apply -auto-approve -var="washa=false"
```

Saa za seva nyingi ni za UTC, hivyo 4 hapo ni saa moja asubuhi ya Afrika Mashariki, na 16 ni saa moja usiku. Ratiba yenyewe ikae nje ya mfumo wa majaribio, la sivyo utajizima na kukosa wa kuuwasha. Asubuhi mtu akikuta haukuwaka, huo ni ushahidi kwamba maelekezo yamepotoka mahali fulani, na ni heri kulijua hilo Jumatatu ya kawaida kuliko siku ambayo mfumo hai umeanguka na unajengwa upya kwa maelekezo hayo hayo.

Kuzima usiku kuna upungufu mmoja unaosahaulika sana: kazi za usiku hazipimwi tena. Ripoti inayotoka saa nane usiku na ufungaji wa hesabu za siku havitatokea kamwe kwenye mfumo uliolala. Zihamishiwe mchana kwenye majaribio, au usiku mmoja kila wiki mfumo uachwe ukiwaka. Kwa kuwa ukiwaka wote hugharimu senti 12 hivi kwa saa, usiku huo hauonekani kwenye bili.

Tujumlishe. Seva dola 30, kigawa mzigo dola 12, diski mbili za gigabaiti 20 dola 4, mazoezi ya data kamili dola 3. Ni dola 49, dhidi ya mfumo hai wa dola 600: asilimia nane.

Kujua kama bado vinafanana

Mifumo miwili iliyofanana Januari haifanani Juni. Usiku wa hitilafu, mtu hubadilisha mpangilio mmoja kwenye mfumo hai ili kuokoa jahazi, na hakuna anayekumbuka kuurudisha au kuunakili. Ugunduzi wake hauhitaji chombo cha kununua. Kwa hifadhidata, chapisha mipangilio ya pande zote mbili na uilinganishe:

```
psql "$HAI" -Atc "SELECT name, setting FROM pg_settings ORDER BY 1" > hai.txt
psql "$JARIBIO" -Atc "SELECT name, setting FROM pg_settings ORDER BY 1" > jaribio.txt
diff hai.txt jaribio.txt
```

Pembeni ya matokeo hayo weka orodha fupi ya tofauti mlizokusudia: miunganisho 50 badala ya 100, kumbukumbu ndogo, pacha anayecheleweshwa. Tofauti iliyomo kwenye orodha ni uamuzi. Isiyokuwemo ni kosa la upande mmoja, na mara nyingi huwa ni la mfumo hai. Kwa seva zenyewe, `terraform plan -detailed-exitcode` hurudisha namba 2 pale hali halisi inapotofautiana na maelekezo, hivyo inaweza kuendeshwa kila asubuhi na kutuma onyo.

Programu yenyewe ijengwe mara moja tu. Kifurushi kilichopita majaribio ndicho kipandishwe kwenye mfumo hai, bila kujengwa upya. Ukijenga mara ya pili, hata kwa msimbo ule ule, maktaba moja inaweza kuwa imebadilika kati ya asubuhi na jioni, na wateja watapata kitu ambacho hakuna aliyekijaribu.

Kisichopimika kwenye mfumo mdogo

Swali moja mfumo huu hauwezi kulijibu: je, tutahimili msongamano wa Desemba? Seva mbili za gigabaiti 2 zikielemewa na maombi 200 kwa sekunde, huwezi kuzidisha kwa hesabu ya darasani ukapata uwezo wa seva nne za gigabaiti 8. Mfumo mkubwa huelemewa mahali pengine. Kwenye mdogo kinachokwisha kwanza ni kumbukumbu. Kwenye mkubwa huenda ikawa diski ya hifadhidata, au rekodi moja ya basi la saa kumi na mbili asubuhi ambayo kila mtu anataka kuiandika kwa wakati mmoja.

Jibu lake ni kukodi ukubwa kamili kwa muda mfupi. Maelekezo ya Terraform tayari yapo; kinachobadilika ni idadi na ukubwa wa seva. Mfumo mzima wa dola 600 kwa mwezi ni kama senti 82 kwa saa, hivyo saa sita za kuupiga kwa maombi ya bandia ni kama dola 5. Malipo siku hiyo yaelekezwe kwa ile programu inayojifanya mtoa malipo, kwa kuwa uwanja wa majaribio wa mtoa huduma haukuwekwa kwa ajili ya mafuriko, na namba utakazopata zingekuwa zake, si zako.

Hapo ile hesabu ya bili mara mbili inaonekana ilipokosea. Kioo kamili cha mfumo hai hakikuwa ghali. Ghali ni kukiacha kikiwaka usiku na mchana kikingoja kazi ya saa sita. Kinachobaki ni mazoea ya baada ya kila hitilafu itakayowafikia wateja: kaa na orodha ya tofauti, utafute ipi iliificha hitilafu hiyo, kisha uamue kama kuiondoa kutagharimu zaidi ya tiketi zilizopotea.